Madaftari Manne, Salio Moja

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita katika ukumbi mdogo mtaani Ngara, mbele ya watafsiri, wabunifu wa michoro, wapiga picha na wahariri wa video wanaofanya kazi za kujitegemea hapa Nairobi. Ninaiweka yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Mwenyekiti wa kikao, wakubwa wetu katika kazi hizi, ndugu na dada zangu, hamjambo?

Naomba nianze kwa kuwauliza swali ambalo sitaki mlijibu kwa sauti. Ni nani kati yetu anayeweza kusema, bila kufungua simu, alikuwa na shilingi ngapi zilizo zake mwenyewe tarehe ya mwisho ya mwezi uliopita? Siulizi aliingiza ngapi, wala siulizi salio la M-Pesa lilikuwa ngapi. Nauliza zake mwenyewe zilikuwa ngapi, katika akaunti zote kwa pamoja.

Wahenga walituambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa miaka mingi nilidhani msemo huo unawahusu watu wasioandika. Lakini sisi tunaandikiwa. M-Pesa inatuandikia, benki inatuandikia, akaunti ya dola ya mtandaoni inatuandikia, M-Shwari inatuandikia. Taabu yetu ni kwamba madaftari ni mengi, kila moja linasema kweli kuhusu mfuko wake tu, na hakuna hata moja linalojua kwamba mengine yapo.

Nitawaeleza habari za dada mmoja mbunifu wa michoro, ambaye ameniruhusu kutumia hesabu zake mradi nisimtaje jina. Alinijia mwanzoni mwa Aprili akiwa na hasira. Alikuwa amechukua taarifa za akaunti zake nne za mwezi wa Machi, akajumlisha kila kilichoingia, akapata shilingi 279,530. Akaniuliza, ‘Kama niliingiza karibu laki tatu, mbona nilihangaika kulipa kodi ya nyumba?’

Tukakaa mezani tukafuata pesa moja baada ya nyingine. Mteja wake wa ng'ambo alilipa ankara ya dola 600, zikafika 570 baada ya makato ya mtandao, na kwa kiwango cha shilingi 129 tulichokubaliana kukitumia mwezi wote, hizo ni shilingi 73,530. Siku chache baadaye alitoa dola 500 kutoka akaunti hiyo, na benki ikaandika kwamba zimeingia shilingi 62,500. Kisha akahamisha shilingi 45,000 kutoka benki kwenda M-Pesa, na M-Pesa ikaandika kwamba zimeingia 45,000. Kutoka M-Pesa akaweka 8,000 katika M-Shwari, na M-Shwari ikaandika kwamba zimeingia 8,000. Wiki ya tatu akarudisha 5,000 kutoka M-Shwari, na M-Pesa kwa uaminifu wake ikaandika kwamba zimeingia 5,000.

Mmeona, wenzangu? Pesa ya mteja mmoja ilipita milango minne, na kila mlango ulipiga kengele. Yeye alihesabu kengele.

Tulipofuta kila kilichotoka mfuko wake kwenda mfuko wake, na tukaweka kando 10,000 ambazo dada yake alimtumia kwa ajili ya mchango wa familia, mapato yalibaki matatu tu: hizo 73,530 za ng'ambo, 57,000 za kampuni moja ya hapa mjini zilizoingia benki, na 18,500 za wateja wadogo wa M-Pesa. Jumla ikawa 149,030. Nusu tu ya zile alizodhani, na kidogo juu yake.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaomba mlifanye ni kuwa na karatasi moja tu, ya kompyuta au ya kalamu, yenye safu tano: tarehe, akaunti, maelezo, kiasi, na aina. Kiasi kinachoingia kiandikwe kwa kujumlisha, kinachotoka kwa kutoa. Kila pesa inapotoka akaunti yako moja kwenda akaunti yako nyingine, andika mistari miwili, mmoja wa kutoa na mmoja wa kujumlisha, na yote miwili ipewe aina moja, yaani ‘uhamisho’. Kama kuna makato njiani, makato hayo yawe mstari wa tatu wenye aina yake. Ukifanya hivyo, jumla ya uhamisho wote wa mwezi lazima iwe sifuri. Wanaotumia jedwali la kompyuta, ikiwa kiasi kiko safu D na aina iko safu E, waandike hivi mahali popote pembeni:

```
=SUMIFS(D:D,E:E,"uhamisho")
```

Ikiwa jumla hiyo si sifuri, kuna mstari mmoja ulioandika upande mmoja ukasahau wa pili. Wakati mwingine kosa si lako: umetoa dola tarehe 30, na benki imezipokea tarehe 3 ya mwezi unaofuata. Pesa hizo mwisho wa mwezi hazionekani popote, ingawa ni zako. Mimi nimeziundia akaunti ya kubuni katika karatasi yangu, nikaiita ‘Njiani’. Pesa ikitoka kwenye dola inaingia Njiani, na ikifika benki inatoka Njiani. Mwezi mmoja Njiani ilikaa na salio kwa siku kumi na moja, ndipo nikajua kwamba malipo yangu yalikuwa yamekwama kwa sababu ya tarakimu moja ya akaunti niliyoikosea. Bila mstari huo ningelisahau kabisa.

Sasa naomba tugeukie M-Pesa yenyewe, kwa maana hapo ndipo wengi wetu tunapotegwa.

Kuna ndugu yetu mmoja, mpiga picha wa harusi, mtu mwangalifu sana, ambaye kila mwisho wa mwezi huomba taarifa yake ya M-Pesa, huifungua, na kujumlisha safu iliyoandikwa “Paid In”. Tatizo ni kwamba yeye hutumia Fuliza. Mtakumbuka kwamba Fuliza inakukamilishia malipo wakati salio halitoshi, na katika taarifa ile mkopo huo huandikwa “OverDraft of Credit Party”, tena katika safu ileile ya pesa zilizoingia. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba kadiri alivyokopa zaidi, ndivyo karatasi yake ilivyomwonyesha kwamba amepata zaidi.

Na hilo ni upande mmoja tu. Siku moja mteja alimtumia 12,000. Wakati huo alikuwa na deni la Fuliza la 7,300, likakatwa papo hapo, akabaki na 4,700. Katika daftari lake aliandika kwamba harusi ile ilimlipa 4,700. Je, ilimlipa 4,700? Hapana. Ilimlipa 12,000, na 7,300 zililipa deni la mafuta ya gari na betri za kamera alizonunua wiki iliyopita, ambazo tayari alikuwa ameziandika kama matumizi. Aliandika matumizi mara moja kwa jina lake, na mara ya pili kwa kupunguza mapato.

Dawa yake ni kuihesabu Fuliza kuwa akaunti ya tano, ambayo salio lake haliwezi kuwa zaidi ya sifuri. Ukikopa, ni uhamisho kutoka Fuliza kwenda M-Pesa. Ukilipa, ni uhamisho wa kurudi. Ada zake peke yake ndizo matumizi. Na mwisho wa mwezi, simu inapokuambia kwamba salio lako la M-Pesa ni sifuri huku unadaiwa 7,300, salio lako la kweli ni kutoa 7,300. Sifuri ile isikuburudishe.

Ugonjwa huohuo upo kwa wateja wa kampuni. Dada yetu mbunifu alipeleka ankara ya shilingi 60,000, zikaingia 57,000. Hakuibiwa. Kampuni inapomlipa mkaazi wa Kenya ada ya kitaalamu inayofika shilingi 24,000 kwa mwezi, inatakiwa kuzuia asilimia 5 na kuipeleka KRA kwa jina la aliyelipwa. Hizo 3,000 ni ushuru wake aliokwisha kuulipa, na cheti chake huonekana katika iTax. Aandikeje? Aandike mapato 60,000, kisha mstari wa kutoa 3,000 wenye aina ya ‘ushuru wa zuio’. Akiandika 57,000 peke yake, salio la benki litakubali, hakuna kitakachopiga kelele, lakini ifikapo mwezi wa Juni, anapojaza ritani, hatakumbuka kudai zile 3,000, wala hatajua kama mteja alizipeleka kweli. Mimi kila mwisho wa mwezi hulinganisha mistari yangu ya zuio na vyeti vilivyomo katika iTax. Kuna mteja mmoja, sitamtaja, ambaye alinikata mara tatu na vyeti vikawa viwili.

Turudi kwa dada yetu, kwa sababu bado hatujafika.

Tulichukua masalio ya tarehe 1 Machi. Akaunti ya dola ilikuwa na dola 400, ambazo kwa kiwango chetu ni 51,600. Benki ilikuwa na 31,500, M-Pesa 6,200, na M-Shwari 12,000. Jumla 101,300. Tukaongeza mapato ya 149,030 na zile 10,000 za familia. Tukatoa matumizi aliyoyaandika: kodi ya nyumba 35,000, mchoraji msaidizi aliyemlipa 22,000, na mambo yote madogomadogo ya M-Pesa, kuanzia nauli hadi mtandao wa nyumbani, 58,300. Karatasi ikasema kwamba mwisho wa mwezi anapaswa kuwa na 145,030.

Kisha tukafungua akaunti zenyewe na kusoma masalio ya tarehe 31. Dola 470, yaani 60,630. Benki 48,900. M-Pesa 18,400. M-Shwari 15,000. Jumla 142,930.

Karatasi inasema 145,030, akaunti zinasema 142,930. Zimepungua 2,100. Mngefanya nini? Najua wengi wetu tungesema, ‘Ah, ni karibu,’ tukaandika ‘mengineyo 2,100’ na kufunga mwezi. Nawasihi msifanye hivyo, kwa sababu tofauti ndogo mara nyingi ni tofauti ya makosa mawili makubwa yaliyokaribia kufutana. Anzeni kwa kutafuta kiasi chenyewe katika taarifa. Kisha kigawanyeni kwa mbili na mtafute nusu yake, maana kilichoandikwa upande usio wake huharibu hesabu mara mbili. Kama tofauti inagawanyika kwa tisa bila kubaki, shukuni tarakimu zilizopinduliwa, kama 5,400 iliyoandikwa 4,500. Hapa havikufaa vyote vitatu, ikabidi tutazame akaunti moja baada ya nyingine.

Akaunti ya dola ilikubali. M-Pesa ilikubali. M-Shwari ilikubali. Tofauti yote ilikuwa benki. Zile dola 500 kwa kiwango cha 129 zilikuwa 64,500, na benki ilipokea 62,500. Kiwango cha kubadilishia pamoja na ada vilikuwa vimemla 2,000 bila kumpa risiti yoyote yenye neno ‘makato’. Na kuhamisha 45,000 kwenda M-Pesa kulimgharimu 100. Hesabu ikafunga. Ukijumlisha na dola 30 zilizokatwa mwanzoni, kazi ile ya dola 600 ilikuwa imempotezea karibu shilingi 5,900 njiani, na kwa miaka mitatu hakuwa ameiona gharama hiyo hata mara moja.

Hapa niseme neno moja kuhusu dola, kwa kuwa nililipia somo hili mwenyewe. Mwezi wa Januari 2024 dola moja ilikuwa imefika takriban shilingi 160, nami nilikuwa na dola 1,500 mtandaoni, nikajihesabia kwamba nina 240,000. Sikuzitoa. Nikaendelea kuziandika kwa 160 katika karatasi yangu mwezi wa Februari na Machi, kwa uvivu tu, na shilingi ikapata nguvu. Nilipozitoa mwishoni mwa Machi, hazikufika 200,000. Sikuwa nimetumia hata senti, lakini nilikuwa nimekwisha kuzipangia matumizi. Tangu hapo nina safu mbili kwa akaunti ile: moja ya dola, ambayo ndiyo ninayoilinganisha na taarifa, na nyingine ya shilingi, ambayo ninaikokotoa upya kila tarehe ya mwisho. Mabadiliko yanayotokana na kiwango ninayaandika kwa mstari wake, ‘kiwango’, wala siyaiti mapato yanapopanda. Hakuna aliyenilipa.

Sasa, ndugu zangu, dada yetu ana 142,930 zilizothibitishwa. Je, hilo ndilo salio lake?

Bado. Hizo ni pesa zilizo mikononi mwake, na si zote zilizo zake. Shilingi 10,000 ni za mchango wa familia, hajazipeleka. Katika zile 18,500 za wateja wadogo, 8,500 zilikuwa arubuni ya kadi za harusi ambazo hakuwa amezianza, na bwana harusi akibadili mawazo kesho, atazidai. Arubuni inakuwa yako kadiri kazi inavyokabidhiwa, na mpaka hapo iandikwe kama deni.

Halafu ushuru. Kwa mapato ya Machi baada ya gharama za kazi, tulikadiria ushuru wa shilingi 27,000, tukatoa zile 3,000 zilizokwisha kuzuiwa, zikabaki 24,000. Haya ni makadirio, kwa sababu hesabu kamili hufanywa kwa mwaka mzima na ritani huwasilishwa si baada ya 30 Juni ya mwaka unaofuata, lakini makadirio yenye kosa la elfu mbili ni bora kuliko sifuri yenye kosa la elfu ishirini na nne. Januari na Februari zilikuwa haba, na kwa miezi hiyo miwili alikuwa ametenga 12,000 katika M-Shwari. Jumla ya ushuru anaodaiwa ni 36,000.

Toeni 10,000, toeni 8,500, toeni 36,000. Zinabaki 88,430. Hilo ndilo salio lake la kweli la tarehe 31 Machi.

Na tarehe 1 Machi? Alikuwa na 101,300, na deni lake wakati huo lilikuwa zile 12,000 za ushuru tu. Salio la kweli lilikuwa 89,300.

Naomba niyarudie haya polepole. Mwezi ambao taarifa zake zilionyesha kwamba zimeingia 279,530, mwezi ambao masalio ya akaunti zake yalipanda kutoka 101,300 hadi 142,930, mwezi huohuo pesa zake halisi zilipungua kwa shilingi 870. Alikuwa anasimama palepale, na kila simu aliyoifungua ilimwambia anapanda.

Aliponyamaza kidogo aliniuliza kuhusu M-Shwari. Mfuko ule alikuwa ameutenga kwa ajili ya ushuru peke yake, na zile 5,000 alizozirudisha M-Pesa wiki ya tatu, ambazo katika hesabu yake ya kwanza zilionekana kama mapato, zilikuwa ni yeye akikopa kutoka kwa ushuru wake. Mfuko ulipaswa kuwa na 36,000 na ulikuwa na 15,000. Pengo la 21,000 lilikuwa limejificha ndani ya salio la benki lililomfurahisha.

Mtaniuliza kazi hii inachukua muda gani, kama alivyouliza mzee wetu aliyeketi pale nyuma. Mara ya kwanza ni mchana mzima, na mtagombana na masalio ya kuanzia, kwa hiyo msijaribu kurudi nyuma miaka miwili; chukueni masalio ya akaunti zote kwa tarehe moja, ikiwezekana asubuhi moja kabla hamjalipa chochote, na muanzie hapo. Baadaye ni dakika arubaini hivi kwa mwezi, endapo mmekuwa mkiandika mistari ya M-Pesa angalau kila wiki. Karatasi hii haitawaambia kama mteja wa Mei atalipa, wala haitawaambia kama bei zenu ni ndogo. Inawaambia mlipo tarehe ya mwisho ya mwezi, basi.

Dada yetu alihamisha shilingi 21,000 kutoka benki kupitia M-Pesa hadi M-Shwari jioni ileile, mistari minne na wa tano wa makato, akapeleka mchango wa familia, na tarehe 30 Aprili akanitumia ujumbe wenye tarakimu tatu tu: jumla ya karatasi, jumla ya akaunti, na tofauti. Tofauti ilikuwa 33, na bado anaitafuta.